Kijani cha jeshi hukaa kwenye manjano: duara la rangi na nguo halisi

Watu wengi wanaojifunza kupanga mavazi kwa duara la rangi huelewa somo haraka, kisha hukwama mara tu wanaposimama mbele ya kabati. Duara lenyewe halina ugumu. Lile la wachoraji lina rangi kumi na mbili: nyekundu, manjano na buluu ndizo za msingi, katikati yake hukaa chungwa, kijani na zambarau, na nafasi sita zinazobaki hujazwa na mchanganyiko wa rangi zinazopakana. Mipango inayotokana nalo inajulikana pia. Rangi zinazokabiliana ni zile zilizo pande mbili za duara, hatua sita kutoka moja hadi nyingine, kama buluu na chungwa. Rangi jirani ni zile zinazofuatana, mbili au tatu. Rangi tulivu, yaani nyeusi, nyeupe na kijivu, hazina mahali kwenye ukingo wa duara, na kwa hiyo huhesabiwa kuwa zinaafikiana na zote.

Kinachokwamisha ni swali linalotangulia kanuni hizo zote, nalo ni hili: nguo niliyoishika iko wapi kwenye duara? Duara huchorwa kwa rangi zikiwa kali kadiri zinavyoweza kuwa, na nguo nyingi tunazozivaa hazikaribii ukali huo. Tuna kaki, kahawia, kijani cha jeshi, damu ya mzee, buluu iliyokoza, waridi iliyopauka na rangi ya maziwa. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyochorwa pale, na mtu hulazimika kukisia. Mara nyingi hukisia kwa kufuata jina la rangi, na hapo ndipo hesabu yote inapoharibika.

Rangi yoyote ya kitambaa ina sifa tatu. Ya kwanza ni mahali pake kwenye duara. Ya pili ni uzito wake, yaani kama ni nyepesi inayokaribia weupe au nzito inayokaribia weusi. Ya tatu ni ukali wake, yaani kama inawaka au imepoa na kuelekea kijivu. Duara la kawaida linaonyesha sifa ya kwanza peke yake. Ukitaka kulitumia kwa nguo, unapaswa kuivua rangi uzito na ukali wake kwa mawazo, ukabaki na mahali pake tu.

Ukifanya hivyo, rangi nyingi za kabatini hujulikana upya. Kahawia ni chungwa iliyotiwa giza. Haina nafasi yake yenyewe kwenye duara. Damu ya mzee ni nyekundu iliyotiwa giza, na waridi ni nyekundu au zambarau-nyekundu iliyotiwa weupe. Rangi ya maziwa ni manjano yaliyo karibu kabisa na weupe. Kaki ni manjano au chungwa-manjano iliyopozwa. Na kijani cha jeshi, ambacho ndicho nitakachokitumia kama mfano katika makala hii, ni manjano yaliyotiwa giza, pengine yakiegemea kijani kidogo. Asiyeamini anaweza kutazama jinsi rangi zinavyoandikwa kwa ajili ya kioo cha kompyuta. Manjano kamili huandikwa `rgb(255, 255, 0)`, na rangi ya kijani cha jeshi iliyopewa jina la `olive` huandikwa `rgb(128, 128, 0)`. Ni manjano yale yale, kwa nusu ya tarakimu zake, bila tone la ziada la kijani. Jicho letu huyaona manjano yenye giza kuwa ya kijani, na jina likafuata jicho.

Dada yangu alikuwa na suruali ya namna hiyo, ya pamba nzito, na alitafuta kitu cha kuivalia juu. Alikuwa amesoma kwamba nyekundu hukabiliana na kijani, kwa hiyo alichukua shati jekundu linalowaka. Matokeo yalikuwa mavazi mawili yaliyovaliwa na mtu mmoja: shati lilipiga kelele, na suruali ikaonekana chafu. Alihitimisha kwamba duara ni nadharia isiyofaa kwa nguo. Mimi naamini duara halikukosea, bali liliulizwa kuhusu rangi ambayo suruali haikuwa nayo.

Njia ya kuitambua rangi ya nguo ni kuitandaza juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, mchana, mahali ambapo jua halipigi moja kwa moja. Karatasi nyeupe ni ya lazima, kwa sababu bila kitu cheupe cha kulinganisha, jicho huzoea rangi iliyo mbele yake na kuacha kuiona. Weka kando ya kitambaa vitu viwili vya rangi kali vinavyowania nafasi ile: kwa suruali ya dada yangu vilikuwa kipande cha manjano na kipande cha kijani kibichi. Kisha jiulize ni kipi kati ya hivyo viwili, kikiwekwa kivulini, kingeifanana suruali. Tulipokiinamisha kipande cha manjano hadi kikaingia kivulini, kilielekea kwenye rangi ya suruali. Kipande cha kijani hakikuelekea huko hata kidogo. Kiligeuka kuwa kijani kizito cha majani. Anayetaka uhakika zaidi anaweza kuipiga picha nguo katika mwanga huo huo, kisha kuongeza ukali wa rangi kwenye simu, kwa kidhibiti kinachoandikwa `Saturation`. Rangi iliyojificha hujitokeza, ingawa kamera nazo hurekebisha mwanga zinavyoona, na ndiyo maana karatasi nyeupe inapaswa kuwemo ndani ya picha.

Suruali ikishajulikana kuwa ya manjano, tunaweza kuuliza rangi inayoikabili ni ipi. Kwenye duara la wachoraji, ng'ambo ya manjano kuna zambarau. Kwenye duara la mwanga, lile linalotumiwa na vioo vya kompyuta ambalo rangi zake za msingi ni nyekundu, kijani na buluu, ng'ambo ya manjano kuna buluu. Tofauti hii huwasumbua wanaotaka jibu moja, lakini kwa nguo haina madhara, kwa sababu kitambaa hakidai usahihi wa namna hiyo. Mimi hulichukulia jibu kuwa ni eneo, si nukta: kuanzia buluu, kupitia zambarau, hadi zambarau yenye wekundu kidogo ikiwa nguo inaegemea kijani. Chochote kilicho ndani ya eneo hilo kitafanya kazi ya kukabili. Nyekundu tupu haimo, kwani kutoka manjano hadi nyekundu ni hatua nne tu, si sita. Hilo ndilo kosa la kwanza la lile shati. Kosa la pili ni kwamba lilikuwa kali mno kando ya suruali iliyopoa.

Kosa hili la pili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndilo linaloharibu mavazi mengi ambayo kwenye duara yanaonekana sahihi. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, palipofumwa mazulia ya kuning'inizwa ukutani. Miongoni mwa malalamiko aliyoyakuta ni kwamba nyuzi nyeusi zilikosa nguvu zilipofumwa pamoja na buluu na zambarau. Alipozichunguza aligundua kwamba dawa ya rangi haikuwa na kasoro. Weusi ulidhoofishwa na majirani zake: rangi moja ikiwekwa kando ya nyingine, jicho huisukuma ile ya pili kuelekea rangi inayoikabili ya kwanza. Weusi uliokuwa kando ya buluu ulisukumwa kuelekea chungwa, ukaonekana umepauka. Alichapisha utafiti wake kwa ukamilifu mwaka 1839, na kanuni hiyo haijapitwa na wakati.

Kwa nguo, maana yake ni kwamba rangi mbili zinazokabiliana hukuzana. Kila moja huisukuma mwenzake mahali ilipo tayari, na zote mbili huonekana kali kuliko zilivyo. Kama zilikuwa kali tangu mwanzo, na uzito wake unalingana, mpaka kati yake huanza kuonekana kana kwamba unatetemeka, na jicho halipati pa kutulia. Nyekundu inayowaka kando ya kijani kinachowaka cha uzito ule ule ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Lakini rangi mbili zilizopoa, moja nyepesi na nyingine nzito, hupata faida ile ile ya kukuzana bila madhara hayo: kila moja hupata uhai kidogo ambao peke yake isingekuwa nao. Ndiyo sababu nguo zilizopoa, ambazo wengi hudhani haziwezi kufuata kanuni ya rangi zinazokabiliana, ndizo hasa zinazoifuata vizuri.

Shati la samawati iliyopauka juu ya suruali ya kijani cha jeshi ni mpango wa rangi zinazokabiliana, hata kama anayelivaa hajawahi kuliona duara. Samawati ni buluu iliyotiwa weupe, kwa hiyo imo katika eneo linalokabili manjano. Ni nyepesi, na suruali ni nzito, kwa hiyo mpaka kiunoni unaonekana bila kutetemeka. Zote zimepoa kwa kiasi kinachokaribiana, na hakuna inayoifanya nyingine ionekane chafu. Dada yangu alipolivaa shati la namna hiyo, suruali ilionekana ya dhahabu zaidi kuliko ilivyokuwa juu ya karatasi. Hapo unaiona kanuni ya Chevreul ikifanya kazi: samawati iliisukuma suruali kuelekea manjano, kwenye asili yake. Sweta ya zambarau iliyokoza hufanya vivyo hivyo, ila kwa kuwa ni nzito kama suruali, inahitaji kitu chepesi katikati, hata kama ni ukosi wa shati tu. Damu ya mzee nayo inaweza kukubalika ikiwa ina uzambarau ndani yake. Ikiwa ina ukahawia, itakuwa imetoka upande wa kukabili na kusogea kwenye ujirani.

Uzito huo, kwa maoni yangu, ndio unaosahaulika kuliko yote, na kuupima ni rahisi. Zitandaze nguo mbili pamoja, zipige picha, kisha uigeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe. Kama mpaka kati ya nguo hizo bado unaonekana wazi, uzito wake unatofautiana vya kutosha. Kama zimeungana kuwa kijivu kimoja, kinachozitenganisha ni mahali pake kwenye duara tu, na hapo zikiwa kali zitatetemeka, na zikiwa zimepoa zitaonekana kwa mbali kama nguo moja isiyoeleweka rangi yake.

Mpango wa rangi jirani una hatari ya kinyume. Majirani wa suruali yetu ni haradali, kaki, kahawia ya ngozi ya viatu, na kwa upande wa pili kijani kizito cha majani. Hazigombani, kwa kuwa zote zina manjano ndani yake. Tatizo huja zinapokaribiana kupita kiasi. Koti la kijani cha jeshi juu ya suruali ya kijani cha jeshi iliyotoka kwenye kitambaa kingine huonekana kama suti iliyokosewa, kwani mtazamaji hulinganisha na kuona kwamba mvaaji alikusudia kufananisha, akashindwa. Vivyo hivyo kwa buluu mbili zilizokoza zinazotofautiana kwa chembe tu. Kwa hiyo katika ujirani huwa nataka moja kati ya mambo mawili: ama vitambaa vilivyokatwa kwenye jora moja, ama tofauti ambayo mtu aliye upande wa pili wa chumba ataiona. Tofauti hiyo si lazima itoke kwenye duara. Sweta ya haradali nyepesi juu ya suruali hii hutofautiana nayo kwa uzito, na koti la sufu yenye manyoya hutofautiana nayo kwa umbile hata rangi zikikaribiana, kwa kuwa kitambaa chenye manyoya humeza mwanga na kuonekana kizito kuliko pamba laini iliyotiwa rangi ile ile.

Tukija kwenye rangi tulivu, sikubaliani na usemi kwamba zinaafikiana na kila kitu. Utulivu kamili ni nadra kwenye kitambaa. Kijivu kingi kina ubuluu au ukahawia ndani yake, na nyeupe ziko za namna nyingi. Nguo nyeupe inayometa mara nyingi imetiwa dawa ambayo hupokea sehemu ya mwanga wa jua tusiyoiona na kuirudisha kama mwanga wa buluu, na sabuni nyingi za kufulia huiongeza dawa hiyo. Ukiiweka nguo hiyo kando ya blauzi ya rangi ya maziwa, blauzi huonekana imechakaa, ingawa peke yake ilikuwa nzuri. Kwa suruali ya kijani cha jeshi, rangi ya maziwa hukaa kwa ujirani, kwa kuwa ni manjano yaliyo mepesi, na nyeupe yenye ubuluu hukaa kwa kukabili. Zote mbili zinafaa. Kisichofaa ni kuzivaa zote mbili kwa pamoja. Kijivu nacho, kikikaa juu ya suruali hii, husukumwa kuelekea ubuluu na uzambarau. Kijivu kilichokuwa na ubuluu tangu awali kitaonekana karibu kuwa na rangi kamili, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kukihesabu kuwa tulivu.

Kuna pia nguo zenye mahali dhahiri kwenye duara ambazo tumezoea kuzichukulia kuwa tulivu, na jinzi ndiyo kubwa yao. Ukikikunja kitambaa cha jinzi na kukitazama kwa karibu, utaona sababu. Nyuzi za urefu zimetiwa nili, na nyuzi za upana zimeachwa na weupe wake wa asili. Ufumaji wake wa mshazari huzileta juu zile za nili, lakini vitone vyeupe hubaki vikichungulia katikati. Nili yenyewe haipenyi hadi kiini cha uzi, na kadiri uso wa uzi unavyosuguliwa, weupe wa ndani hutoka. Unachokiona kwa mbali, basi, ni buluu iliyochanganywa na nyeupe na jicho lako mwenyewe, na buluu ya namna hiyo imepoa vya kutosha kutogombana na kitu. Hata hivyo haijatoka kwenye duara. Viatu vya ngozi ya kahawia hupendeza chini ya jinzi kwa sababu kahawia ni chungwa, na chungwa hukabili buluu.

Mchanganyiko huo wa jicho una upande wake mbaya, nao hujitokeza kwenye vitambaa vya mirabaumiraba midogo na mistari myembamba. Rangi mbili zinazokabiliana zikifumwa kwa mistari mipana hukuzana, kama ilivyoelezwa hapo juu. Zikifumwa kwa uzi mmoja mmoja, jicho haliwezi kuzitenganisha kwa mbali, na badala ya kukuzana huuana: nyekundu na kijani hugeuka kuwa kahawia hafifu, na buluu na chungwa hugeuka kuwa kijivu. Nguo iliyoonekana changamfu ilipokuwa mkononi hufa mtu akisogea mbali. Kwa hiyo kabla ya kuitafutia mwenzake, itundike na urudi nyuma hadi umbali ambao watu hukutazama wakati wa mazungumzo, kisha uiweke kwenye duara kwa rangi unayoiona kutoka hapo. Kama maua au miraba yake ni mikubwa na bado inatengana, chagua rangi moja iliyomo ndani yake, na si lazima iwe ile iliyotawala.

Hata kazi hii ikifanywa kwa uangalifu wote, kuna jambo moja ambalo duara haliwezi kuliona, nalo ni taa. Vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kutofautiana chini ya nyingine, ikiwa vilitiwa rangi kwa dawa tofauti, kwa kuwa kila dawa hurudisha sehemu yake ya mwanga na kila taa ina mwanga wa muundo wake. Nyeusi ndiyo huumbua zaidi. Koti jeusi na suruali nyeusi zilizoafikiana ndani ya jengo hutoka nje, na moja huonekana na wekundu, nyingine na ukijani. Tulipolichagua lile shati la samawati, tulilipeleka mlangoni pamoja na suruali na kuvitazama kwenye mwanga wa mchana, kisha tukavitazama tena ndani baada ya taa kuwashwa. Chini ya taa yenye umanjano shati lilipoa zaidi na kukaribia kijivu, na suruali ikapata joto. Tofauti kati yake ilipungua lakini haikupotea, kwa kuwa uzito wake ulikuwa haujabadilika: shati bado lilikuwa jepesi na suruali bado nzito, na mpaka kati yake ulionekana wazi kama ulivyoonekana mlangoni.